Kabidhi Cheo, Baki Mwanachama

Wifi yangu ni mhasibu, na huo ndio mwanzo wa matatizo yake. Popote wanapokutana watu zaidi ya kumi na kuna fedha ya kushika, lazima mmoja atasema, "Si yupo dada mhasibu?" Mikono inapigwa makofi, na wifi anarudi nyumbani Tabata na daftari jingine. Hakuwahi kugombea nafasi hata moja kati ya alizonazo. Hakuwahi kukataa pia.

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilimkuta sebuleni saa tano usiku, ana daftari la kikoba mapajani na simu mbili zinalia ujumbe. Mwanawe alikuwa amelala kwenye kochi kwa sababu alikuwa anamsubiri mama yake amsikilize akisoma. Nikamwambia, "Wifi, kuna kitu lazima ukiache." Akanijibu, "Niache kipi? Kila kimoja kina watu wake." Jibu hilo limekaa kichwani mwangu hadi leo, kwa sababu ni kweli. Mambo yanayotuelemea hapa kwetu si vikao vya ofisini tu. Yamefungwa kwenye misiba yetu, harusi zetu na majirani zetu. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam akate mambo yake bila kujali hilo, umemwambia ajitenge na watu watakaomzika.

Kwa hiyo tulianza na daftari. Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi, aliandika mwaka 1967 kwamba mtu asiutegemee ukumbusho wake kuhusu muda anavyoutumia, bali auandike wakati ule ule unapotumika. Nilimwomba wifi aandike kwa wiki mbili kila jambo linalojirudia ambalo si kazi yake ya mshahara wala malezi ya watoto wake, isipokuwa kazi ya ofisini iwe ile tu aliyojiongezea. Asiandike kikao peke yake. Aandike na njia ya kwenda, kungojea wachelewaji, simu za kukumbusha, na kukaa usiku kulinganisha hesabu. Kabla hajaanza nilimwomba akisie. Akasema labda saa kumi kwa wiki.

Zilitoka saa 23 na nusu.

Kikoba kilikula saa 5: kikao cha Jumamosi pamoja na njia saa mbili na nusu, vitabu vya nyumbani saa moja na nusu, na simu saa nzima. Jumuiya ndogo ndogo ya kanisani, ambako ni mweka hazina, saa mbili na nusu. Kamati ya harusi ya binti wa mwenzake kazini, saa 5, kwa sababu mweka hazina ndiye anayewapigia simu walioahidi na hawajatoa. Kamati ya wazazi shuleni, saa moja ukigawanya kwa wiki. Michango ya ukoo, saa moja na nusu. Kumfundisha hesabu mpwa wake anayesoma kidato cha nne, saa 3. Taarifa moja ya kila Ijumaa ofisini, saa 3. Na mwisho lifti ya watoto wa jirani kila asubuhi, ambayo kwa kuzunguka na kungojea geti lifunguliwe inamla saa mbili na nusu.

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya hapa ni kuitazama orodha na kukata kile kinachowachosha roho. Wifi alitaka kuanza na lifti, maana wale watoto huchelewa kila siku. Nikamuuliza nani huwachukua wanawe jioni. Kumbe ni yule yule jirani, na huwakalisha kwake mpaka wifi afike saa moja. Lifti ile haikuwa msaada anaoutoa bure. Ilikuwa nusu ya mapatano ambayo hayakuwahi kusemwa kwa mdomo. Angeikata asubuhi, jioni angelazimika kumtafuta dada wa kazi. Ikabaki, ila alimwambia jirani waziwazi kwamba gari linaondoka saa 12:15, na watoto wakaanza kusimama nje mapema.

Kosa la pili ni kuliona kila jambo kama kitu kimoja kinachoachwa chote au kubaki chote. Hapa ndipo tulipotumia jioni nzima, na nadhani ndipo penye siri ya suala hili kwa watu wanaoishi kama sisi. Tulichora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja tukaandika saa ambazo wifi angetumia hata kama angekuwa mwanachama wa kawaida, na upande wa pili saa zinazotokana na cheo. Kikoba kikagawanyika: saa mbili na nusu za kuhudhuria, saa mbili na nusu za ukatibu. Ukoo ukagawanyika: nusu saa ya kusoma habari na kutuma mchango wake, saa nzima ya kukusanya ya wengine na kujibu maswali. Kamati ya harusi haikugawanyika hata kidogo. Mchangaji wa kawaida anatuma ahadi yake na kuvaa sare siku ya sherehe, kwa hiyo saa zote tano zilikuwa za cheo.

Kinachokufanya uwe mtu wa watu ni uanachama. Kikoba kitakukopesha, ukoo utakuja kwenye msiba wako, na mwenzako wa kazini atakumbuka kwamba ulichangia harusi ya bintiye, hata kama hujawahi kushika kalamu ya katibu. Mtu aliyeelemewa huona mlango mmoja tu, wa kutoka kabisa. Anaogopa kuupita, basi anabaki na vyote. Kumbe kuna mlango wa pembeni: kukabidhi kazi na kubaki kwenye mkeka.

Kwa nini hatuuoni mlango huo? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, akiwemo Leidy Klotz, walichapisha majaribio yanayonisaidia kuelewa. Katika moja, watu walipewa kijengo cha matofali ya plastiki ya watoto chenye paa lililoegemea tofali moja tu kwenye pembe, wakaambiwa waliimarishe ili libebe tofali zito. Kila tofali la kuongeza lilikuwa na gharama ndogo. Njia nyepesi ilikuwa kuling'oa lile tofali moja ili paa likae juu ya kuta, lakini wengi waliongeza nguzo. Walipokumbushwa kwamba kutoa tofali ni bure, walioliona suluhisho hilo waliongezeka. Hawakuwa wajinga, wazo la kupunguza halikuwajia mpaka litajwe. Ndivyo ilivyokuwa kwa wifi. Alipochoka alinunua simu ya pili ya michango, akaanza kuamka saa kumi alfajiri, akamwajiri binti wa kufua. Vyote hivyo vilikuwa nguzo.

Kwa hiyo tulilitaja kwa sauti. Kwa kila saa ya upande wa cheo tuliuliza maswali mawili, nayo pia yametoka kwa Drucker. Hili lisipofanywa kabisa, kitatokea nini? Na kama lazima lifanywe, nani mwingine anaweza kulifanya kama mimi au kunizidi?

Swali la kwanza liliiangusha taarifa ya Ijumaa. Ilianza miaka minne nyuma kwa ombi la bosi ambaye ameshahama. Lakini nilimsihi asiiache kimyakimya kwa kujaribu kama kuna atakayelalamika. Jambo unaloliacha bila kusema linaweza kukugeukia miezi mitatu baadaye likiwa kosa la kazi. Aliwauliza watu watatu wanaoipokea: mnatumia nini humu? Wawili hawakuwa wakiifungua. Wa tatu alitumia tarakimu moja, ya mzigo uliobaki stoo. Bosi mpya akakubali, na sasa tarakimu hiyo inatumwa kwa ujumbe mfupi. Saa 3 zikawa robo saa.

Mpwa hatukumgusa. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba, na jambo lenye tarehe ya kuisha halina haja ya kuachwa. Linahitaji tu lisianzishwe tena bila kufikiri. Hazina ya jumuiya nayo ilibaki, kwa sababu wifi anaipenda na muda wake wa uongozi ulikuwa haujaisha. Harusi ilikuwa imebakiza wiki saba. Kujiuzulu uhazini wa harusi katikati ya michango ni kuwaachia watu mashaka juu ya fedha, hata kama hesabu ni safi. Akaamua kuimaliza, na kwamba itakuwa ya mwisho.

Zikabaki kikoba na ukoo, na hizo zilihitaji makabidhiano.

Kikoba kina mwaka wake. Wanachama wanunua hisa kila wiki, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana fedha zote pamoja na faida. Chao huvunjwa Desemba, kisha Januari viongozi wanachaguliwa upya. Katibu anayetaka kutoka atoke kwenye mlango huo, maana siku ya mgawo kila shilingi inahesabiwa mbele ya watu na kila deni linajulikana. Lakini tangazo lisisubiri siku hiyo. Wifi alimwendea mwenyekiti wake Oktoba, nyumbani kwake, kabla hajamwambia mtu mwingine. Mambo haya hayatangazwi kwenye kundi la WhatsApp. Mwenyekiti akiyasikia pamoja na wengine atahisi amevuliwa nguo. Hakusema amechoka, kwa sababu ukisema umechoka utaambiwa pole na kuombewa nguvu. Alisema: "Mama, Januari sitagombea ukatibu. Nabaki mwanachama na hisa zangu zote. Naomba tutafute wa kukaa nami kuanzia sasa, ajifunze."

Akapatikana muuza nguo mmoja mwenye mwandiko mzuri na subira. Mafunzo yalichukua vikao vinne. Cha kwanza alitazama wifi anavyoandika. Cha pili aliandika yeye, wifi akimwangalia begani: hisa za kila mmoja kati ya wanachama 24, kuanzia moja hadi tano, mhuri kwenye kitabu cha mwanachama, kisha marejesho ya mikopo, faini, na mfuko wa jamii ambao hesabu yake haichanganywi na ya hisa. Cha tatu aliandika peke yake, wifi akiwa amekaa upande wa pili wa chumba. Cha nne wifi hakwenda kabisa.

Kikao hicho cha nne ndicho kipimo. Simu yake iliita mara tatu. Mara mbili ni kwa maswali ambayo majibu yake yalikuwa kichwani mwa wifi tu: kwamba mwanachama mmoja amekubaliwa kulipa mkopo wake kila baada ya wiki mbili, na kwamba faini ya kuchelewa husamehewa kwa aliyetoka hospitali. Hayo hayakuandikwa popote. Usiku ule aliketi akaandika ukurasa mmoja wa mapatano yote ya mdomo, na ukurasa huo ulikuwa na thamani kuliko vitabu vyenyewe. Kazi inayokabidhiwa bila ukurasa kama huo hurudi kwa mwenyewe, simu moja baada ya nyingine.

Siku ya kukabidhi, orodha ya mikopo iliyowahi kuwepo na namna ilivyofungwa, vitabu, mhuri na muhtasari wa vikao vilisomwa mbele ya kikao, na pande zote mbili zikatia saini. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu ambao si katibu, kwa hiyo hapo hapakuwa na la kubadilisha. Kwenye akaunti ya benki lilikuwepo. Jina la wifi lilikuwa kati ya watia saini, na kumtoa kulihitaji muhtasari wa kikao uliosainiwa, fomu za benki na vitambulisho vya viongozi wapya. Wengi huliacha hili. Mwaka mzima baadaye katibu wa zamani anaitwa atoke kazini aende kutia saini, na kumbe hajaacha kitu. Kama kikundi kimesajiliwa halmashauri, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, afisa maendeleo ya jamii naye aambiwe nani ni viongozi wapya.

Ukoo ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu hauna uchaguzi wala mgawo. Wifi alikwenda kwa baba yake mdogo, mkubwa wa familia aliyebaki. Baada ya shikamoo na chai, akasema, "Baba mdogo, nimekuja kukabidhi michango. Nilianza kwenye msiba wa bibi, na tangu hapo imekaa kwangu."

Mzee akanyamaza, kisha akauliza, "Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu, baba. Nimeleta na jina." Akamtaja kijana wa shangazi, fundi simu, ambaye watu tayari humwamini na fedha zao. Mzee alitaka kujua fedha zitasomwaje. Wifi akaeleza kwamba kila Jumapili jioni kijana ataweka kundini orodha ya waliotoa, na mzee mwenyewe ndiye ataidhinisha fedha kutoka. Tangazo likatolewa na mzee, si na wifi. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana: mtoto akijitangazia mwenyewe amekimbia, mkubwa akitangaza amepumzishwa.

Hata hivyo lilitokea ambalo hatukulitarajia. Namba ya wifi ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu za ndugu kutoka Tanga mpaka Mbeya, na fedha zikaendelea kuingia kwake. Mwanzoni alikuwa akizihamisha kimya kwa kijana, na makato ya kutuma akiyalipa yeye. Wiki sita zikapita na hakuna kilichobadilika, kwa sababu kwa aliyetuma kila kitu kilikuwa kimeenda sawa. Ndipo akabadilisha njia. Fedha ikiingia, anahamisha siku hiyo hiyo na kumpigia aliyetuma: "Mjomba, nimeipokea nimempelekea fulani. Naomba uandike namba yake, hii ya kwangu haipokei tena michango." Simu kama kumi na tano hivi, na mfereji ukakauka. Aliomba pia aondolewe uadmini wa kundi. Mtu aliyeacha kazi lakini bado ni admini ataendelea kuulizwa, na ataendelea kujibu.

Kuna njia moja ya kuacha ambayo ni mbaya kuliko kubaki, nayo ni kuacha nusu. Unabaki na cheo lakini unafika mwishoni mwa kikao, hujibu simu, vitabu vinalala wiki mbili. Wenzako wanateseka, nawe hupati nafuu, kwa sababu saa zimepungua lakini wasiwasi uko pale pale. Ukijiona hivyo kwenye jambo fulani, moyo umeshatoka na kinachobaki ni makabidhiano.

Lazima niseme pia kwamba orodha hii haimfai kila mtu. Anayemuuguza mzazi peke yake, au mama anayelea watoto bila mwenza, hana wa kumkabidhi, na kumwambia aorodheshe saa zake ni kumwongezea kazi. Kinachomfaa ni mtu wa kuja kushika zamu. Hata nyumbani kwa wifi kulikuwa na kazi isiyokuwa na sababu ya kuwa yake: kamati ya wazazi. Shule ilikuwa na namba zote mbili za wazazi na siku zote ilipiga ya mama. Mumewe alipoulizwa alishangaa, kisha akakubali kuanzia Januari. Amekuwa akienda, na hakuna aliyemwambia kabla kwamba anatakiwa.

Ukizijumlisha, baada ya harusi kupita na kikoba kukabidhiwa, wifi alirudishiwa saa 12 na robo kwa wiki. Hatari ya saa zilizo wazi ni kwamba watu huziona haraka. Februari aliombwa ashike hazina ya kamati nyingine ya harusi. Tulikuwa tumeshaandaa jibu pamoja, fupi, lisilo na sababu ya kujadiliwa: "Nitachanga, na siku hiyo nitakuwepo. Hazina sitashika." Aliyeomba alisukuma mara mbili, naye akalirudia vilevile mara mbili. Ukitoa sababu, utatafutiwa dawa ya sababu hiyo. Ukisema una kazi nyingi, utaambiwa kikao kitahamishiwa karibu na kwako.

Machi nilimsindikiza kikobani. Alikaa safu ya tatu, kitabu chake mkononi, akanunua hisa zake tatu na kugongewa mhuri. Katibu mpya alipojumlisha hisa za siku, nilimwona wifi anakunja uso. Alikuwa ameliona kosa kutoka kule alikokaa: mstari mmoja umeandikwa mara mbili. Mkono wake uliinuka kidogo, kisha akaurudisha mapajani. Wahesabu fedha wawili walipomaliza kuhesabu noti, tarakimu hazikulingana. Katibu akarudi juu ya ukurasa, akapitisha kalamu mstari kwa mstari, akalipata, akakata na kusahihisha, na kikao kikaendelea kwenye mikopo.